Yalipotea, Yaliibwa, au Hatukuyaona?

Kila aliyepita shule anakumbuka jedwali la minyambuliko: piga, pigwa, pigika. Tulikariri, tukafanya mtihani, tukasahau. Lakini jedwali lile linatumika kila siku katika ofisi za umma. Ofisa anayeandika ripoti kuhusu fedha zisizojulikana zilikokwenda huchagua mojawapo ya safu zake, mara nyingi bila kujua kwamba anachagua. Na safu anayoichagua ndiyo inayomwambia msomaji kama kuna mtu wa kuulizwa, kama mtu huyo yupo ila hatajwi, au kama jambo lenyewe lilijitokea tu kama mvua.

Ushauri wa kawaida wa wahariri ni kwamba kauli ya kutenda ni ya watu wakweli, na kauli ya kutendwa ni ya wanaojificha. Mimi siukubali, angalau si kwa Kiswahili na si kwa ripoti za taasisi. Kauli ya kutendwa ina kazi zake halali, na zipo sentensi nyingi za kutenda ambazo hazimtaji mtu yeyote wa maana. Njia nzuri ya kuliona hilo ni kuchukua hoja moja ya ukaguzi na kuiandika upya hadi ikae sawa.

Nitatunga halmashauri ambayo haipo kwenye ramani. Imenunua madawati 400 kwa ajili ya shule 20 za msingi, kila dawati kwa Sh. 85,000, jumla Sh. 34,000,000. Mzabuni amelipwa zote. Wakaguzi wamezunguka shule zote 20, wamefungua na ghala la halmashauri, wamehesabu madawati 310. Pengo ni madawati 90, yaani Sh. 7,650,000. Katika jalada wamekuta hati ya kupokelea bidhaa iliyosainiwa na mtunza ghala tarehe 12 Machi, ikionyesha madawati 400. Wamekuta hati ya malipo iliyoidhinishwa tarehe 20 Machi. Na wamekuta taarifa ya kamati ya ukaguzi na mapokezi ya bidhaa, ambayo ilikaa tarehe 2 Aprili, siku 13 baada ya fedha kutoka.

Rasimu ya kwanza ya hoja, kwa lugha tuliyoizoea, ingesomeka hivi: “Ukaguzi umebaini kuwa madawati 90 yenye thamani ya Sh. 7,650,000 yalipotea licha ya malipo kufanyika. Hali hii imesababishwa na kukosekana kwa usimamizi madhubuti. Inapendekezwa kwamba hatua stahiki zichukuliwe dhidi ya wahusika.”

Sentensi hizo tatu hazina kosa la sarufi. Hazina uongo wa wazi pia. Hata hivyo, mjumbe wa kamati ya Bunge akizisoma hajui amwite nani.

Tuanze na “yalipotea”. Kitenzi hiki kinalifanya dawati kuwa mtenda. Dawati la mbao na chuma, zito, la kubebwa na watu wawili, limeondoka lenyewe. Tukikibadilisha kuwa “yaliibwa”, tumeingia katika kauli ya kutendwa, na hapo maana inageuka kabisa: sasa tumedai kwamba mwizi yupo, ingawa hatumtaji. Wengi hawalioni hili. Kiambishi kile kidogo cha -w- hakimfuti mtenda. Kinamsogeza nyuma na kumwachia nafasi, na msomaji yeyote anaweza kuuliza “na nani?” akajibiwa katika sentensi hiyohiyo: yaliibwa na mlinzi, yaliibwa na watu wasiojulikana. Kwa hiyo “yaliibwa” ni tuhuma kamili ya jinai, ni mshtakiwa tu ambaye bado hajapatikana. Mkaguzi aliyekuta pengo la hesabu, bila ushahidi wa wizi, hana haki ya kuiandika.

Je, tuandike “hayakuonekana”? Hapa tumeingia katika ile safu ya tatu ya jedwali, ya vitenzi kama vunjika, fanyika, patikana, onekana, ambavyo walimu huviita vya kutendeka. Vingi kati ya hivi havina nafasi ya mtenda. Kikombe kimevunjika, basi. Ukiuliza “na nani?” sarufi yenyewe inakataa kukujibu, inabidi uanze sentensi nyingine: kimevunjwa na nani. (Onekana ni kilegevu kidogo, maana watu husema mtu alionekana na wengi, lakini katika ripoti hakitumiki hivyo.) “Hayakuonekana” ni ya kweli zaidi kuliko “yaliibwa” kwa sababu haidai kisichojulikana. Upungufu wake ni kwamba haisemi nani aliyatafuta, wapi, wala lini. Pengine mkaguzi aliuliza kwa simu tu.

Ndiyo maana sentensi iliyo sahihi hapa ni ya kutenda, na mtenda wake ni mkaguzi mwenyewe: “Nilihesabu madawati katika shule zote 20 na katika ghala la halmashauri, nikakuta 310, sikuyaona madawati 90.” Sentensi hii inabeba wajibu upande usiotarajiwa. Mkaguzi anasema: huu ndio mpaka wa nilichokifanya, na kama kuna ghala lingine ambalo sikuonyeshwa, nionyesheni. Anayehojiwa anapata mahali pa kujibia.

Ofisi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya Tanzania, ile tunayoiita CAG, imechagua njia hii waziwazi. Ripoti zake za Kiswahili huandika “nilibaini” na “ninapendekeza”, nafsi ya kwanza umoja, ingawa kila mtu anajua kwamba waliopanda pikipiki kwenda kuhesabu ni vijana wa ofisi yake mikoani. Si majivuno. Ibara ya 143 ya Katiba inampa kazi hiyo mtu mmoja mwenye cheo hicho, na ndiye anayemkabidhi Rais ripoti. “Ilibainika” ingeacha swali la nani anasimama nyuma ya tarakimu. “Nilibaini” inalifunga, na ikigundulika kwamba tarakimu ni mbovu, anayewajibika anajulikana.

Turudi kwenye rasimu. “Malipo kufanyika” ni kutendeka tena. Katika ripoti za taasisi msamiati huu umeenea mno: kikao kilifanyika, uamuzi ulifikiwa, makosa yalijitokeza, ucheleweshaji ulitokea. “Kikao kilifanyika tarehe 2 Aprili” haina tatizo, kwa kuwa hakuna anayehitaji kujua nani alikifanya. Malipo ni jambo lingine. Malipo yana ngazi, na kila ngazi ina saini. Kuna anayeandaa hati, anayekagua, na anayeidhinisha. Kwa kuandika “yalifanyika” mwandishi ameunganisha watu watatu na kuwafanya sifuri, huku majina ya vyeo vyao yakiwa kwenye karatasi iliyo mezani pake.

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Mtenda akiwa hajulikani, kauli ya kutendwa au ya kutendeka ni uaminifu. Mtenda akiwa anajulikana na kitendo chake kikawa ndicho kiini cha hoja, kumwondoa ni kuficha, hata kama mwandishi hakukusudia. Katika mfano wetu hatujui madawati 90 yako wapi, wala kama yaliwahi kutengenezwa. Lakini tunajua nani alisaini kwamba yamefika na nani aliruhusu fedha zitoke. Aya moja ina mambo ya aina mbili, hivyo inahitaji kauli za aina mbili.

Kwa nini saini ina uzito huo? Kwa sababu sheria zenyewe huning’inia kwenye vitenzi. Ibara ya 226 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu kidogo cha tano, inasema kwamba mwenye ofisi ya umma akielekeza au kuidhinisha matumizi ya fedha za umma kinyume cha sheria au maagizo, anawajibika kwa hasara na atailipa, awe bado ofisini au ameshaondoka. Vitenzi ni viwili: kuelekeza na kuidhinisha. Ripoti ikisema “fedha zilitumika kinyume cha utaratibu”, kifungu hicho hakina pa kushika. Kikisomwa mbele ya “Mkurugenzi aliidhinisha malipo tarehe 20 Machi kabla ya kamati ya mapokezi kukagua bidhaa”, kinashika mara moja. Wala si lazima iwe kauli ya kutenda. “Malipo yaliidhinishwa na Mkurugenzi tarehe 20 Machi” inafaa vilevile, tena pengine inafaa zaidi kama aya nzima inafuata safari ya fedha na si safari ya Mkurugenzi. Kauli ya kutendwa yenye “na” na cheo baada yake haifichi kitu.

Sentensi ya pili ya rasimu ndiyo inayonichosha kuliko zote: “Hali hii imesababishwa na kukosekana kwa usimamizi madhubuti.” Kitenzi ni cha kutendwa na mtenda ametajwa kabisa, baada ya “na”. Mtazame mtenda huyo: kukosekana. Jambo ambalo halikuwepo ndilo limefanya uharibifu. Hila hii ya kugeuza kitendo kuwa jina la kitu inapita mbali kuliko -w- na -ik- zikijumlishwa, kwa sababu jina halina nafsi wala wakati. Usimamizi wa nani? Ulikosekana lini? “Ucheleweshaji wa malipo”, “udhaifu katika udhibiti wa ndani”, “kutozingatiwa kwa taratibu”, zote ni za ukoo huo.

Ukizifumua, kila moja inatoa kitenzi na kitenzi kinatoa mtu. Katika hoja yetu, usimamizi uliokosekana, ukifumuliwa, ni matukio mawili: mtunza ghala alisaini kupokea madawati 400 bila kuyahesabu, na mweka hazina alipitisha hati ya malipo bila taarifa ya kamati kuambatishwa. La pili tunalijua kwa hakika, tarehe zinalithibitisha. La kwanza je? Tunajua alisaini. Kwamba hakuhesabu, hatujui. Huenda alihesabu 400 na 90 zikaondoka baadaye. Huenda alihesabu 310 akaambiwa asaini 400. Kauli ya kutenda ina hatari yake hapa: ni rahisi kupita kiasi. Ukishampata mtenda wa sentensi, mkono unavutwa kumwongezea vitendo ambavyo hakuna karatasi inayovishuhudia. Mwandishi makini anaishia pale saini inapoishia.

Kwa sababu hiyohiyo rasimu ya hoja hupelekwa kwanza kwa menejimenti inayokaguliwa, ili ijibu kabla ripoti haijatoka. Na katika ripoti zenyewe hutajwa cheo, si jina la mtu. Penye dalili za udanganyifu au rushwa, Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008 ya Tanzania inamtaka Mkaguzi Mkuu kuvijulisha vyombo vya uchunguzi. Mkaguzi si hakimu. Kusema “mtunza ghala alisaini” ni kueleza kilichoandikwa. Kusema “mtunza ghala alihujumu” ni hukumu, na haibadiliki kuwa ya haki kwa kuandikwa “ulihujumiwa” badala ya “alihujumu”.

Wapo wanaoogopa kauli ya kutenda kwa kudhani kwamba kumtaja mtenda daima ni kulaumu. Ripoti za ajali za ndege zinawapinga. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago kinasema wazi kwamba lengo pekee la uchunguzi wa ajali ni kuzuia nyingine, si kugawa lawama wala dhima. Ungetarajia ripoti hizo zijae “ilitokea” na “ilionekana”. Badala yake zimejaa rubani alifanya hivi, msaidizi wake alisema vile, mwongoza ndege alitoa kibali saa fulani na dakika fulani. Bila kujua nani alifanya nini na kwa mpangilio upi, huwezi kujua mafunzo ya nani yarekebishwe. Kinachoiondoa lawama ni namna vitendo vinavyoelezwa: bila vivumishi, bila “kwa uzembe”, pamoja na kile ambacho mtu huyo alikiona na kukijua wakati ule. Kauli ya kutendwa haihitajiki kwa kazi hiyo.

Kuna mahali pengine kauli ya kutendwa inakaa vizuri bila mjadala. Sehemu ya mbinu za kazi ni mojawapo: “hati 64 za malipo zilipitiwa”. Msomaji anajua ni wakaguzi waliozipitia. Ila hata hapo kuna kitenzi kimoja cha kuangaliwa, nacho ni kuchagua. “Shule tano zilichaguliwa kwa ajili ya ukaguzi.” Na nani? Kama wakaguzi walizichagua kwa bahati nasibu, sawa. Kama Ofisa Elimu ndiye aliyewapa orodha ya shule tano nzuri zilizo kando ya lami, basi ripoti nzima inasimama juu ya neno hilo moja. Maamuzi ya vikao nayo hupendeza yakiandikwa “iliazimiwa”, kwa kuwa wajumbe hubeba uamuzi kwa pamoja hata waliopinga.

Nilisema zipo sentensi za kutenda zisizomtaja mtu. “Halmashauri ilishindwa kusimamia mkataba.” Kitenzi ni cha kutenda, mtenda ni jengo lenye bendera. Nyingine ya siku hizi ni “mfumo haukuruhusu”. Tangu malipo ya serikali yahamie kwenye mifumo ya kompyuta kama MUSE, mfumo umekuwa mtumishi mwenye makosa mengi kuliko wote, na hajawahi kuitwa kujieleza. Mara nyingine mfumo kweli hukwama. Mara nyingine kuna mtu ambaye hakuingiza takwimu kwa wakati. Na majibu ya menejimenti yana mtindo wao: “Menejimenti imepokea hoja na inaifanyia kazi.” Vitenzi viwili vya kutenda, na hakuna tendo.

Sasa sentensi ya tatu, ya mapendekezo. “Inapendekezwa kwamba hatua stahiki zichukuliwe dhidi ya wahusika.” Kutendwa mara mbili: anayependekeza hayupo, atakayechukua hatua hayupo. Hatua hazitajwi. Wahusika hawatajwi. Mapendekezo ndiyo sehemu ambayo sioni udhuru wowote wa kumwacha mtenda nje, kwa sababu hapa hatuzungumzii yaliyopita ambayo ushahidi wake ni pungufu. Tunazungumzia kesho, na kesho tunaweza kumpangia mtu. Tena kuna sababu ya kiutendaji. Mwaka unaofuata mkaguzi hurudi na kuandika kama kila pendekezo limetekelezwa, linaendelea kutekelezwa au halijatekelezwa. Pendekezo lisilo na mtenda halipimiki. Miaka mitatu baadaye bado liko kwenye safu ya “linaendelea”, na hakuna anayesema uongo.

Tukiyaweka yote pamoja, hoja yetu inakuwa hivi: “Nilihesabu madawati katika shule zote 20 na katika ghala la halmashauri kati ya tarehe 10 na 14 Novemba, nikakuta madawati 310 kati ya 400 yaliyolipiwa. Sikuyaona madawati 90 yenye thamani ya Sh. 7,650,000. Mtunza ghala alisaini hati ya kupokea madawati 400 tarehe 12 Machi. Mweka hazina alipitisha hati ya malipo, na Mkurugenzi akaiidhinisha tarehe 20 Machi, wakati kamati ya ukaguzi na mapokezi ilikuwa haijakaa. Ilikaa tarehe 2 Aprili. Haijathibitika kama madawati 90 yaliwasilishwa na mzabuni. Ninapendekeza Mkurugenzi awasilishe, kabla ya tarehe 31 Januari, ama uthibitisho wa yalipo madawati hayo, ama ushahidi kwamba mzabuni ameyaleta au amerejesha fedha.”

Ni ndefu kuliko rasimu ya kwanza, takriban mara tatu. Tazama kauli ya kutendwa ilipobaki: “yaliyolipiwa” na “yaliwasilishwa na mzabuni”. Ya kwanza imebaki kwa sababu walioyalipia wanatajwa sentensi tatu mbele. Ya pili ina mtenda wake kabisa. Na “haijathibitika”, kutendeka halisi, imebaki kwa sababu ndiyo hali ilivyo: hakuna mtu aliyeithibitisha, wala mkaguzi.

Tuseme hoja hii imepelekwa kwa halmashauri, na mtunza ghala amejibu kwa maandishi kwamba siku ile lori lilileta madawati 310, akaandika 310 kwenye leja yake, kisha ofisa ugavi akamletea hati iliyokwishachapwa 400 akamtaka asaini kwa kuwa mwaka wa fedha unakaribia kuisha na mzigo uliobaki uko njiani. Ameambatisha nakala ya leja. Sasa mkaguzi ana kazi mpya. Sentensi ya “alisaini” inabaki, maana kweli alisaini. Inafuatiwa na nyingine: “Mtunza ghala alinieleza kwamba ofisa ugavi alimtaka asaini, leja ya ghala ya tarehe hiyohiyo inaonyesha madawati 310.” Maelezo ni ya mtunza ghala, leja inajisemea, na ofisa ugavi bado hajahojiwa. Akihojiwa akakana, jibu lake nalo litaingia kwa kitenzi chake na cheo chake.